Bei ya Sikukuu, Mpaka Mwezi Uandame

Tajiri wangu alitaka tangazo la maneno manne: Redio Rahisi kwa Sikukuu. Chini yake picha ya redio, chini ya picha jina la duka, basi. Alinipa karatasi ile mwanzoni mwa Shaabani, akaniambia niipeleke kwa mpiga chapa kabla ya adhuhuri. Sikuipeleka. Niliikunja nikaitia mfukoni, na tangu siku hiyo tukawa tunabishana, yeye nyuma ya meza yake na mimi juu ya ngazi nikipangusa vumbi la mapangaboi.

Nilikuwa karani wa duka lile, katika njia nyembamba ya mjini Unguja ambapo gari mbili hazipishani. Tuliuza redio, santuri na sahani zake, pasi za umeme, mapangaboi na globu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo ubao wa nje ulikuwa kazi yangu, na kila tangazo la Kiswahili lilipita mkononi mwangu. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili ulimini, na mke wangu alikuwa akimuunga mkono.

Hasira ya mwaka ule ilikuwa na sababu. Sikukuu iliyopita duka lilibandika tangazo la aina hiyo hiyo, maneno machache na picha kubwa. Akaja mtu wa Tumbatu, mvuvi mtu mzima, akanunua redio nzuri kuliko zote, akaipakia ngalawani imefunikwa mkeka isiingie chumvi. Baada ya wiki akarudi nayo. Redio ile ilikuwa ya umeme, na Tumbatu hakuna umeme. Alisimama kwenye kaunta akaeleza kwa adabu kuwa ameitafutia pahala pa kuichomeka kisiwa kizima. Watu waliokuwa dukani wakacheka. Tajiri akamwonesha kibao nyuma ya mlango, kimeandikwa kwa Kiingereza, kuwa mali iliyokwisha kuuzwa hairudishwi. Mtu yule hakujua kusoma Kiingereza, na hata angejua, kibao chenyewe kilikuwa nyuma ya mlango. Akaondoka na redio yake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, nikaapa kuwa tangazo jengine la namna ile halitatoka kwa mkono wangu.

Basi nikaandika langu. Nilianza kwa fundi wetu, Mngazija mpole aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma na chuma chake cha kulehemu, harufu ya risasi iliyoyeyuka haimtoki nguoni. Nilimuuliza kila ambalo mtu wa shamba angetaka kulijua. Betri inakaa muda gani? Akaniambia inategemea mtu mwenyewe: anayesikiliza khabari na nyimbo mbili tatu akazima, itamfikisha miezi mitatu, anayeiacha ikiimba kutwa nzima, asimlaumu mtu. Waya wa kunasia sauti lazima uwe juu? Juu, akasema, kwenye mlingoti au baina ya minazi miwili, na waya wa pili ufukiwe penye udongo wa majimaji. Ikiharibika? Akavua miwani akaifuta. "Ikiangushwa, mwenye nayo ataniambia haikuangushwa. Liandike hilo mapema."

Nilipomaliza nilikuwa na karatasi iliyojaa. Nnayo mpaka leo kichwani.

BEI YA SIKUKUU.
Redio ya betri kwa watu wa mashamba na visiwa vidogo. Haitumii umeme. Mwenye umeme nyumbani, hii siyo redio yako. Ingia ndani tukuoneshe nyengine.
Bei tumeipunguza robo. Bei ya zamani na bei ya sasa zimeandikwa zote mbili juu ya redio yenyewe.
Ndani ya bei hiyo mna betri moja na waya wa kunasia sauti. Mlingoti utautafuta mwenyewe.
Betri huisha. Ukisikiliza kwa muda wa saa tatu kila siku, itakaa kiasi cha miezi mitatu. Ukizidisha, itakufa mapema. Betri ya pili utanunua, na bei yake imeandikwa hapo hapo.
Redio ikiharibika ndani ya miezi sita, bila ya kuangushwa wala kuingia maji, fundi wetu ataitengeneza bure. Nauli ya kuileta mjini ni yako.
Hatukopeshi, wala hatumwekei mtu. Redio zilizopo ni hizo unazoziona dirishani. Zikimalizika, hakuna nyengine kwa bei hii.
Bei hii ni mpaka mwezi wa sikukuu uandame. Ukishaandama, bei inarudi ilipokuwa.

Tajiri alisoma, akaguna, akasoma tena. Alikuwa Banyani, mzaliwa wa Unguja kama baba yake, Kiswahili chake kizuri kuliko cha waalimu wangu wa skuli.

"Hivi wewe unauza redio au unawaonya watu wasinunue?"

"Nnauza."

"Mtu anakwenda kuposa. Utamwambia binti anakoroma, anakula sana, na mama yake mkali?"

"Ikiwa akishaoa hawezi kumrudisha, ndiyo, nitamwambia."

Akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini karatasi hakuikubali. Kila siku aliondoa mstari mmoja, na kila siku mimi niliurudisha. Mstari wa betri kuisha aliukata mara tatu. Nilimwambia kuwa mtu akijua mapema betri inakufa, atakuja kwetu kununua ya pili. Asipojua, atakuja kwetu kugombana, na betri atanunua kwa jirani. Hilo lilimwingia, kwa kuwa jirani alikuwa binamu yake na walikuwa hawasemezani.

Mstari uliotuchosha zaidi ulikuwa wa mwisho. Yeye alitaka tarehe. Alikuwa na kalenda ya ukutani iliyopigwa chapa, yenye miezi ya Kizungu, ya Kihindu na ya Kiislamu pamoja, na kalenda ile ilikuwa imekwisha kuamua kuwa Ramadhani ya mwaka ule ni siku thelathini.

"Diwali yetu haingoji mtu kupanda juu ya paa akatazama mbingu," alisema. "Imeandikwa. Na yenu imeandikwa, hii hapa."

"Hiyo haijui kitu. Siku ya ishirini na tisa watu watatazama. Ukionekana, sikukuu. Usipoonekana, tunatimiza thelathini. Hakuna anayejua mpaka magharibi."

"Sasa mimi niendeshe duka kwa mawingu?"

"Wateja unaowataka ndivyo wanavyoishi. Mwambie mtu wa shamba 'mpaka mwezi uandame', hatakuuliza tena. Mwambie tarehe ya Kizungu, atakwenda kumtafuta wa kumhesabia."

Nilimwambia kuwa nisipopewa mstari ule, ubao wa nje atauandika mwenyewe, na mwandiko wake aliujua. Akanikubalia. Nilikwenda kwa mpiga chapa nusu nnakimbia, nikiogopa asije akatuma mtu kunirudisha.

Karatasi zile tukawapa madereva wa magari ya shamba, nao wakazisambaza mpaka mwisho wa njia zao. Mwanzo wa Ramadhani wakaanza kuja watu. Jambo lililonifurahisha ni kuwa walikuja wameshajua. Hawakuuliza kama redio yenyewe inataka umeme. Waliuliza urefu wa mlingoti.

Katikati ya mwezi akaja mwanamke mmoja kutoka Jambiani. Mtu mzima, mrefu, viganja vyake vigumu kwa kupiga makumbi. Wanawake wa kule hufukia makumbi ya nazi ufukweni yaoze, halafu huyafukua wakayapiga na kusokota kamba, na kamba hizo huja mjini kuuzwa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akakaa juu ya kiti kama aliyekuja kwa kesi.

"Nisomee," akasema, akanipa karatasi yetu, imekunjwa mpaka imeanza kukatika.

Nikamsomea. Akanisimamisha penye betri, nikarudia. Akanisimamisha penye fundi, nikarudia. Nilipofika mwisho akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ndivyo alivyotusomea mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilitaka kusikia kwa mwenyewe kama mdomo wenu na karatasi yenu ni kitu kimoja." Akaniambia kuwa wanawake wa mtaa wao wameungana kuinunua redio moja, na kwamba mnunuzi wa kamba huwalipa siku za mwisho za mfungo. "Nyinyi hammwekei mtu?"

"Hatumwekei, mama. Ningependa, lakini tumeandika hivyo."

"Basi usiniwekee. Nikiikuta nimeikuta."

Nikamuuliza wanaitakia nini, kwa nyimbo au kwa khabari. Hapo uso wake ukabadilika.

"Kwa mwezi," akasema.

Akanieleza. Mwaka uliopita mwezi ulionekana mjini, mizinga ikapigwa, watu wakala sikukuu. Kwao mawingu yalifunika, mizinga haifiki, na mtu wa kuwaletea khabari alikwama na gari njiani kwa mvua. Wakafunga mpaka mchana. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa hivyo hivyo. Jamaa zao wa mjini wakawapa jina: watu wa Idi ya viporo. Mwanawe aliyeolewa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, alichekwa na wakwe zake mbele ya wageni, akaulizwa kama mama yake amekwisha kumaliza Ramadhani au bado.

"Mwaka huu haturudii," alisema. "Nimewaambia wenzangu, hata kama nitasokota kamba ya kuzunguka kisiwa. Redio ile itasema mwezi umeandama, na sisi tutasikia siku moja na watu."

Alisema kwa utulivu, bila ya kupandisha sauti. Nilimpenda palepale. Alikuwa mbishi wa aina yangu, ila mwenye adabu.

Redio zikaenda moja moja. Siku ya ishirini na tisa zilikuwa zimebaki mbili dirishani. Siku nzima nilikuwa nikitazama mlangoni, sikumwona. Alasiri akaja mvuvi wa Nungwi, akauliza kama anaweza kuja baada ya sikukuu kwa bei ile ile. Tajiri akamwonesha mstari wa mwisho. Mtu yule akaondoka na hasira zake, akisema kuwa pesa zake hazijafika. Mimi sikumtetea, kwa kuwa mstari ulikuwa wangu na ulikuwa umesema kweli.

Magharibi ile tulipanda juu ya paa, mimi na mke wangu na majirani. Ilikuwa masika, mawingu yamejaa upande wa mashariki, lakini magharibi mbingu ilikuwa imefunguka. Watoto waliuona kabla yetu. Baada ya kitambo mizinga ikapigwa, mji mzima ukapiga kelele. Nilipopita dukani kuelekea kwa mama, nilimkuta tajiri amekwisha kushuka na taa, anazigeuza karatasi za bei za zile redio mbili. Alikuwa mtu wa kushika neno, siwezi kumnyima hilo.

Asubuhi nilitoka kuswali Idi na kanzu mpya, harufu ya udi ingali nguoni, nikapita njia ya dukani ili nimkwepe mjomba wangu aliyekuwa akipenda mahubiri. Juu ya baraza ya duka lililofungwa walikuwa wamekaa wanawake watatu, kanga zao zimelowa matope ukingoni. Mmoja wao alikuwa yule wa Jambiani. Alikuwa akitazama watu wanavyopita, wanaume wamevaa makoti na vilemba, watoto wa kike wamepakwa hina mpaka viwiko, na alikuwa kama hajui ayaamini macho yake.

Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba.

"Mwanangu," akasema polepole, "leo nini?"

Nilitaka kusema uongo. Wallahi nilitaka. Lakini kufunga siku ya Idi ni haramu, na mtu aliyefunga hafai kuachwa hata dakika moja.

"Leo sikukuu, mama. Mwezi umeandama jana."

Wenzake wawili wakashika vichwa. Yeye hakujishika popote. Gari lao hulala Jambiani na huondoka kabla ya alfajiri. Usiku kucha kulikuwa na mvua, hakuna aliyefika na khabari, nao wakala daku yao wakapanda gari wakijua wanakuja mjini siku ya thelathini. Pesa zilikuwa zimefungwa pembeni mwa kanga.

"Tumefunga siku ya Idi," alisema. "Mara ya tatu."

Nikakimbia kwa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, nikarudi na tende, maji na sahani ya kaimati, na kanzu yangu ikapata shira kifuani. Wakafungua pale barazani, mbele ya wapita njia. Wale wawili walikula wakilia na kucheka. Yeye alikula tende moja, akanywa maji, akajifuta mdomo, akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Umeandika mpaka mwezi uandame. Umeandama. Basi bei yake imerudi."

"Ngoja, mama."

"Ningoje nini? Mimi sikuja kuomba. Nilisomewa nikafahamu. Pesa tulizonazo ni za bei ile. Twende zetu." Akawa anainuka.

Nikamwambia kama anataka kuniheshimu akae pale pale mpaka nirudi. Nikapanda ngazi za ubavuni kwa tajiri, aliyekuwa akikaa juu ya duka, nikagonga kwa nguvu isiyostahiki siku ya sikukuu.

Alifungua na kikombe cha chai mkononi. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akasikiliza, akaniacha nimalize, halafu akasema neno ambalo nililijua litakuja.

"Mstari nani kauandika?"

"Mimi."

"Nani aliyekwambia tuandike tarehe?"

"Wewe."

"Tungeandika tarehe ya kalenda yangu, leo wangekuwa bado na bei yao."

Lilikuwa kweli, na lilinichoma. Lakini sikuwa nimepanda ngazi zile kushindwa.

"Tungeandika tarehe yako," nikamwambia, "na mwezi ungeonekana kama ulivyoonekana, watu wangesema Banyani huyu hajui hata Idi lini, na hapana ambaye angeiamini karatasi yetu tena. Tarehe siyo dawa. Hapa tunamwambia mtu aje kabla ya mwezi kuandama, na mtu mwenyewe anataka redio kwa kuwa hana pengine pa kuisikia khabari ya mwezi. Tumemwekea sharti ambalo hawezi kulitimiza mpaka awe amekwisha kununua."

Tajiri akaweka kikombe chini. "Na yule wa Nungwi wa jana? Nimemkatalia kwa mstari huo huo. Leo niwauzie hawa kwa kuwa wewe una huruma nao? Umenijia juu mwaka mzima, sijui maneno wazi, sijui watu waambiwe. Sasa maneno yako wazi yamekuuma, unataka kuyapitia mlango wa nyuma."

Hapo ndipo aliponishika. Nilisimama pale mlangoni nimekasirika, na kwa mara ya kwanza katika ugomvi wote ule nikaona kuwa haki iko upande wake. Kuwauzia wanawake wale kwa siri ingekuwa ni kibao kile kile cha nyuma ya mlango, ila safari hii kimegeuzwa upande wa wapendwa wangu.

"Sitaki kwa siri," nikasema. "Nataka tubadilishe sharti, tuliandike mlangoni, liwe la kila mtu. Na la yule wa Nungwi pia."

"Na mimi nikikataa?"

"Utatafuta karani mwengine."

Sikuwa na kazi nyengine ya kushika. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka na sikulitaka lirudi.

Tajiri akavaa viatu vyake. Akashuka, akawafikia wanawake wale, akawapa mkono wa Idi kama anavyopaswa jirani. Akamuuliza yule mkubwa wao, "Bi mkubwa, jana usiku mlitazama mwezi?"

"Tulitazama. Mvua ilikuwa inanyesha machoni mwetu."

"Mizinga?"

"Mizinga ya mjini hatujapata kuisikia tangu nizaliwe."

"Na redio mnaitakia nini?"

Akamwambia yale yale aliyoniambia mimi, hakuongeza wala hakupunguza. Aliposema Idi ya viporo tajiri hakucheka. Alitazama ile sahani ya kaimati, akazitazama kanga zilizolowa, akanigeukia.

"Lete chaki," akasema.

Alifungua duka. Mimi nikautoa ubao, nikapiga magoti njiani na kanzu yangu ya shira, nikaandika alivyokuwa akinitajia, na pale alipotaka kufupisha nikamkatalia na akaniacha. Tuliandika hivi: Khabari ya mwezi haikufika mashamba yote kwa wakati. Kwa hiyo bei ya sikukuu inaendelea kwa kila mtu, wa mjini na wa shamba, mpaka duka lifungwe siku ya nne ya Idi. Redio zimebaki mbili. Aliyekataliwa jana aje, hatakataliwa.

"Moja," akasema tajiri.

Nikafuta mbili, nikaandika moja. Halafu akanituma Darajani, kwenye kituo cha magari, nikamtafuta dereva wa Nungwi nimpe maneno yale ayachukue kwa mdomo. Nilikwenda mbio. Dereva alikuwa akila pilau kwenye sahani ya mtu, akaniahidi, na ahadi yake aliitimiza: mvuvi yule alikuja siku ya tatu, akalipa, na hakunisemesha, maana bado alikuwa na kisirani.

Niliporudi, tajiri alikuwa ameiteremsha redio yao na kuiweka juu ya kaunta. Fundi hakuwepo, alikuwa kwao na wageni. Ilikuwa desturi ya duka kuwa redio haitoki mpaka mnunuzi aisikie kwa masikio yake, kwa hiyo nikafanya mwenyewe. Nikaichomeka betri, nikauvuta waya wa kunasia sauti mpaka dirishani, nikaufunga ule waya wa pili kwenye bomba la maji. Nikamwonesha yule bi mkubwa pa kufungulia na pa kuzimia, nikamshikisha kifundo mwenyewe. Akaogopa kidogo, kisha akazungusha.

Ikakoroma, ikapiga mluzi, halafu sauti ya mtu ikatoka safi kabisa, akitoa mkono wa Idi kwa wasikilizaji wote wa mjini na mashamba, akisema kuwa mwezi umeonekana jana magharibi, na kuwatakia watu sikukuu njema.

Wanawake wale wawili wakapiga vigelegele. Yeye akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kile kitambaa cha mbele cha redio.

"Ungesema jana!" akaifokea. "Jana! Jana ulikuwa wapi?"

Tajiri akaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikashika kaunta, na yeye mwenyewe akacheka. Halafu kicheko chake kikageuka, akakaa kwenye kile kiti cha siku ile ya kwanza, akajifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyechoka. Tajiri akaenda kutafuta maji hali maji yalikuwa mbele yake.

Haikuchukua muda. Akajifuta uso, akainuka ghafla, akaanza kufungua fundo la pesa kwa haraka.

"Tufungieni upesi," akasema. "Kule kwetu watu wamefunga."